Chapa ya mafuta ya kubuni: anza na mashine, nembo ije mwisho

*“Kaka, naandika tamthilia ya vipindi kumi na viwili kuhusu familia ya Mzee Ndahani wa Kibaigwa yenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Inaanza 1988 na kuishia 2023. Watoto wawili wanagombania kampuni, na kuna kashfa ya mafuta kuchanganywa. Chapa yao nimeiita Nuru Asilia na nembo ya jua imeshachorwa. Kila anayesoma anasema mafuta hayo yanaonekana ya kutunga tu. Halafu kipindi cha tatu lebo ni ya njano, cha saba ni ya kijani, na mwenyewe sikumbuki kwa nini. Nifanyeje chapa iaminike na isijipinge?” — Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Dada yangu, iweke nembo pembeni kwanza. Wasomaji wako wameona kitu cha kweli, ila hawajui kukitaja. Nuru Asilia ni jina la mtu aliyekaa na mshauri wa matangazo miaka hii ya karibuni. Neno “asilia” juu ya chupa linamlenga mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu yenye chupa za kila aina, naye anatafuta sababu ya kuacha hii na kuchukua ile. Mzee Ndahani wa 1988 hakuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Alikuwa na watu waliotoka kwenye miaka ya bidhaa kuadimika madukani, na kwao habari kubwa ilikuwa kwamba mafuta yapo.

Ninapotunga chapa kwa ajili ya filamu, kila kitu kinachoonekana juu yake nakiuliza swali moja: nani alikileta, na alikuwa na nini mfukoni mwaka huo? Rangi ililetwa na mchapaji aliyekuwa na wino wa aina mbili. Anwani ililetwa na sheria. Jina lililetwa na wateja kabla mwenye mali hajafikiria kulichagua. Kitu kikikosa aliyekileta, mtazamaji hukihisi kimepachikwa, hata kama kimechorwa vizuri kiasi gani. Kwa hiyo nitakupitisha kwenye miaka ya kampuni hii kwa mpangilio, kisha utaona kuwa ile njano na kijani yako inajijibu yenyewe.

Tuanze na 1988. Mwaka huo kiwanda chako hakiwezi kuwa kiwanda. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa mkoani Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti, yenye mpini mrefu. Ukiushusha mpini, pistoni inasukuma mbegu ndani ya kizimba cha chuma, mafuta yanachuruzika kwenye mianya, na mashudu yanatoka mwishoni yakiwa yamekandamana. Haikuhitaji umeme wala kuchemsha mbegu, ila ilitaka alizeti yenye ganda laini, kama aina ya Record. Mpe Mzee Ndahani mashine hiyo. Hapo umepata sauti ya mpini, jasho la vijana wawili wanaopokezana, kuku wanaodonoa mashudu, na msimu pia, kwa sababu Dodoma ina mvua moja tu ya mwaka na alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi.

Mafuta hayo yanauzwaje? Mteja anakuja na chombo chake. Anapimiwa kwa chupa ya soda, na mwenye uwezo anajaziwa dumu. Hakuna lebo wala stika, na ndiyo maana hakuna jina la biashara. Lakini jina lipo, kwa sababu watu lazima waseme wametoka wapi. Wanasema “mafuta ya kwa Ndahani”. Hilo ndilo jina la kwanza la chapa yako, na hulilipii mchoraji hata senti. Liweke mdomoni mwa watu wasiopungua watatu katika kipindi cha kwanza, na usimruhusu Mzee mwenyewe alitamke. Yeye atasema “mafuta yangu”.

Kama ungeamua kiwanda kiwe cha serikali, ungefuata njia nyingine kabisa. Mashirika ya umma ya wakati ule yalipewa majina marefu ya Kiingereza, kisha watu wakayafupisha kwa herufi za mwanzo: NMC ya usagishaji, GAPEX ya mazao, na hapa kwetu DOWICO ya mvinyo wa Dodoma. Jina la aina hiyo linamweleza mtazamaji mwenye umri wa miaka hamsini kila kitu kwa sekunde moja. Ila wewe umechagua familia, basi baki na jina la mtu.

Jambo moja dogo la kipindi hicho: nimeona watunzi wakiweka tangazo la televisheni kwenye kumbukumbu za mwisho wa miaka ya 1980. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni kabla ya 1994. Sauti iliyofika Kibaigwa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na Mzee mwenye mashine ya mkono asingekuwa na fedha ya kutangaza huko. Tangazo lake ni ukuta.

Ukuta ndio unaotuleta miaka ya 1990. Biashara imefunguliwa, kijiji kipo barabarani kati ya Dodoma na Morogoro, malori yanasimama. Mzee ananunua mashine ya kukamulia inayoendeshwa na injini ya dizeli, na sasa ana mafuta mengi kuliko vyombo vya majirani. Anamwita fundi wa maandishi aandike ukutani KINU CHA NDAHANI – MAFUTA SAFI YA ALIZETI. Hapa ndipo njano yako inapozaliwa, na sababu yake ni nyepesi: fundi alikuwa na kopo la rangi nyeusi na kopo la njano. Usimwache mbunifu wa filamu achape maandishi hayo kwa kompyuta. Mtafute fundi anayeandika mabango kwa mkono, mpe brashi, na umwache apange herufi mwenyewe. Neno ALIZETI litabanwa mwishoni kwa sababu nafasi imemwishia. Kubanwa huko kusirekebishwe, tena kukibaki ukutani hadi kipindi cha mwisho, utakuwa na kitu ambacho watazamaji watakitambua bila kuambiwa.

Chapa nyingi za filamu zinaharibika papo hapo, kwa sababu watu hudhani uthabiti ni kila kitu kufanana. Kampuni ndogo ya kweli haifanani na nafsi yake. Ukutani herufi ni za fundi mmoja, kwenye lori ni za fundi mwingine, kwenye risiti ni mhuri wa mpira uliochongwa mjini Dodoma. Kinachodumu ni vitu viwili au vitatu tu vilivyokataa kubadilika. Kwa chapa yako nashauri viwe hivi: rangi ya njano na nyeusi, neno Ndahani mahali fulani, na umbo moja rahisi ambalo hata mtoto anaweza kulichora kwa mkaa. Mimi ningechagua mpini wa ile mashine ya kwanza, mstari mmoja ulioinama juu ya duara. Jua achana nalo. Karibu kila muuza mafuta ya alizeti hufikia jua au ua, na ukilitumia utagongana na chapa halisi usiyoijua.

Mwaka 2004, tuseme, mtoto wa pili anarudi kutoka masomoni Dar es Salaam. Huyu ndiye atakayetaka chupa zenye lebo, na huyu ndiye atakayetaka jina. Msikilize anavyofikiri: “kwa Ndahani” halisafiri, mtu wa Mwanza hamjui Ndahani. Anataka neno fupi, linalotamkika redioni, lenye harufu ya jikoni. Ningempa neno Pishi. Ni kipimo cha zamani ambacho bibi zetu walipimia nafaka, na papo hapo linasikika kama mapishi. Baba yake analikataa, kwa kuwa yeye alipimia kwa chupa na wala si kwa pishi, na hapo umepata ugomvi wa kwanza wa familia ukitokana na chapa yenyewe.

Kabla hujalipenda jina lolote, likague. BRELA ina mfumo wa usajili mtandaoni, `ors.brela.go.tz`, na kumbuka kwamba jina la biashara, jina la kampuni na alama ya biashara ni vitu vitatu tofauti, kila kimoja na orodha yake. Kwa alama ya biashara tazama daraja la 29, ambako mafuta ya kula yamo. Zanzibar ina usajili wake peke yake. Kisha fanya ukaguzi ambao hakuna mfumo unaoufanya: pita soko la Majengo na maduka ya jumla, soma ndoo na madumu yote, kwa sababu wakamuaji wadogo wengi wanauza kwa majina ambayo hayajaandikishwa popote. Tena muulize Mgogo, Mrangi na Msukuma kama neno hilo lina maana mbaya kwao. Kwako ukaguzi huu una uzito zaidi kuliko kwa mtunzi mwingine, kwa sababu kampuni yako itatuhumiwa kuchanganya mafuta. Ukigongana na mkamuaji wa kweli, umemchafulia jina mtu asiye na kosa. Ukikuta Pishi lina mwenyewe, litupe siku hiyo hiyo utafute lingine.

Sasa lebo. Chupa za kwanza za 2004 zinabandikwa karatasi ya kawaida iliyochapwa rangi mbili. Karatasi hiyo hunywa mafuta. Baada ya wiki moja dukani inakuwa na madoa yanayopitisha mwanga, na kona zinaachia. Lebo ya plastiki isiyolowa ije baadaye, kampuni ikishapata fedha. Jua la Dodoma nalo lina kazi yake. Wino wa njano na wa rangi ya waridi hupauka kwanza, ule wa samawati na mweusi hubaki. Ndiyo maana matangazo ya zamani kwenye madirisha ya maduka ya barabarani hugeuka bluu. Basi stika ya Pishi ya rangi kamili iliyokaa mwaka mzima kwenye dirisha linaloelekea magharibi haiwezi kuwa njano tena. Ukiiweka ikiwa njano inayong'aa, macho ya mtazamaji yataikataa hata kama hajui sababu.

Na kijani chako? Kijani kiwe cha mtoto huyo wa pili. Miaka kadhaa baadaye, kampuni ikipata mkopo, anaagiza lebo mpya za kijani zenye neno “asilia”, kwa sababu ameona supamaketi za Dar zinataka hivyo. Sasa Nuru Asilia yako haikupotea bure. Inaweza kuwa toleo la bei ya juu la Pishi, lililoanzishwa kwa mbwembwe mwaka 2016, serikali ilipotangaza kwa kishindo kuhamia Dodoma na wafanyakazi wenye mishahara wakaanza kuja. Jina lile lile lililoonekana la uongo mwaka 1988 linaaminika kabisa 2016, tena linatueleza kijana huyu ni mtu wa namna gani. Kaka yake anayebaki kwenye mashine aendelee kuuza dumu la njano na nyeusi.

Upande wa nyuma wa lebo ndio wenye mitego mingi, na kamera za siku hizi zinaona kila herufi. Chukua mamlaka ya chakula. Hadi katikati ya 2019 chakula kilikuwa chini ya TFDA. Kuanzia Julai mwaka huo kazi hiyo ilihamia TBS, na TFDA ikageuka TMDA ya dawa na vifaa tiba. Chupa ya mwaka 2015 inayoitaja TBS pekee kama msimamizi wa chakula, au chupa ya 2021 yenye usajili mpya wa TFDA, itakamatwa na mtu mmoja katika ukumbi, naye atawaambia wengine. Hata hivyo usichape alama halisi ya ubora ya TBS kwenye chupa ya kubuni. Alama hiyo hutolewa kwa leseni kwa bidhaa iliyopimwa, na chupa za filamu zina tabia ya kupotea kwenye seti na kuonekana mtaani. Chora duara la ukubwa ule ule mahali pale pale, lenye herufi za kampuni, na mpiga picha asilisogelee.

Simu vilevile. Lebo ya 2004 ikibeba namba inayoanza na 0754, umeteleza, kwa kuwa namba hizo wakati ule zilianza na 0744, na zilizokuwa 0741 ndizo baadaye zikawa 0713. Simu ya mezani ya Dodoma huanza na 026. Lakini namba yoyote utakayoibuni inaweza kuwa ya mtu, na kipindi kikirushwa atapigiwa simu usiku kucha. Kwa miaka ya karibuni, nunua laini, isajili kwa jina la kampuni yenu ya utayarishaji na uihifadhi isifungwe. Kwa lebo za zamani weka kidole cha mwigizaji au doa la mafuta juu ya tarakimu mbili za mwisho. S.L.P. nayo ifanyiwe hivyo hivyo.

Msimbo pau usiwe na haraka nao. Mkamuaji mdogo aliyeuza sokoni na barabarani hakuuhitaji. Anauhitaji pale supamaketi inapomdai. Bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, na ukibuni namba yenye 620 unaweza kuangukia bidhaa ya mtu. Namba zinazoanza na 200 hadi 299 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya maduka, hazina kampuni duniani, kwa hiyo 2001234567893 itasomeka kwenye mashine bila kumgusa yeyote. Iweke kwenye Nuru Asilia tu. Dumu la kaka mkubwa lisiwe nayo hata mwaka 2023.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona watunzi wengi wa kwetu hulisahau, nalo lina nguvu kuliko lebo yote. Nyumba nyingi hazinunui chupa. Zinanunua mafuta ya kupima. Duka la mtaani lina ndoo ya lita 20, na mtoto anatumwa na kikombe: “Mama kasema mafuta ya jero.” Katika nyumba hiyo chapa yako haimo kabisa. Imebaki dukani, kwenye mfuniko wa ndoo, na anayeijua ni mwenye duka. Kwa hiyo Pishi itaingia katika hadithi kwa maneno ya mwenye duka: “Leo nina Pishi, ile nyingine imeisha.” Na ndoo ikiisha haitupwi. Itakuwa ya maji, ya dagaa, ya kuoteshea mchicha, na jina la kampuni litaendelea kuonekana uani kwa jirani hata baada ya kampuni kufa. Mbunifu wako akitengeneza chupa mia mpya na asitengeneze ndoo kumi zilizochakaa, amekutengenezea duka tu. Mtaa haujatengenezwa.

Ndoo hiyo ina uzito pia. Mafuta ya alizeti ni mepesi kidogo kuliko maji, na lita 20 zina kama kilo 18.4 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Mwigizaji akibeba ndoo tupu akiiyumbisha kwa kidole, chapa imekufa hapo hapo. Ijaze maji, ongeza rangi kidogo ya chakula, na umwache aibebe kweli.

Kuhusu kashfa: usiibebeshe maabara kwanza. Mafuta yenyewe yanaweza kusema. Mafuta ya alizeti yaliyo safi hubaki majimaji hata kwenye baridi ambayo Dodoma haijawahi kuiona. Mafuta ya mawese ambayo sehemu yake nzito haijatenganishwa huganda kwenye ubaridi wa kawaida tu. Julai, alfajiri, Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mama ntilie wa stendi anainua chupa ya Pishi kabla hajawasha jiko, anaona ukungu na utando mzito umetuama chini. Anaiweka juani, saa nne inakuwa safi, kesho yake alfajiri inarudia. Hiyo inatosha kuzaa uvumi, na uvumi utakwenda kwa jina la zamani. Watu watasema “ya kwa Ndahani siku hizi yanaganda”, ingawa lebo imeandikwa Pishi. Mzee, ambaye hakuwahi kulitaka jina jipya, ndiye atakayelipa kwa jina lake. Weka mipaka lakini: mawese yaliyotenganishwa vizuri yanaweza yasigande kwa baridi hiyo, na mafuta ghafi ya alizeti ambayo hayakuchujwa huwa na masimbi yanayotuama bila udanganyifu wowote. Mtoto mkubwa anaweza kujitetea kwa hoja hiyo ya masimbi, na kwa muda hatutajua nani mkweli. Itakayomwangusha ni kwamba masimbi hayayeyuki ukiyaweka juani.

Ili njano na kijani visikusumbue tena, fungua daftari moja la chapa, na katika kila ukurasa andika mwaka mmoja ambao hadithi inatua. Chini yake andika nani anaamua, mafuta yanauzwa katika chombo gani, watu wanayaitaje mdomoni, nini kimeandikwa juu ya chombo na kwa rangi gani, na kwa nini kimebadilika tangu ukurasa uliopita. Safu ya mwisho hiyo usiiache wazi. Ukiona huna sababu ya badiliko, lifute. Ukurasa wako wa 2004, kwa mfano, utasomeka hivi:

“Anaamua Mzee, ila mtoto wa pili anamsukuma. Chupa ya lita 1 na dumu la lita 5, lebo ya karatasi, njano na nyeusi, neno PISHI kubwa, chini yake Kinu cha Ndahani, Kibaigwa. Watu wazima wanasema ya kwa Ndahani, wauza duka wachanga wanasema Pishi. Limebadilika kwa sababu mnunuzi wa Morogoro alikataa kupokea chupa zisizo na jina.”

Ndoo na chupa za miaka iliyopita nazo ziendelee kuishi kwenye kurasa zinazofuata. Jiko la 2016 liwe na dumu la 2004 lililokatwa juu. Bei usiichape kwenye lebo, na mdomoni itaje mara chache. Ikibidi, ilinganishe na kitu ambacho mtazamaji anakijua cha mwaka ule, kama nauli ya Kibaigwa hadi Dodoma mjini, na uwaulize wazee waliopanda gari mwaka huo.

La mwisho ni ugomvi wa watoto wako, maana sheria imekupa mchezo wa tayari. Alama ya biashara Tanzania Bara husajiliwa kwa miaka 7, na ikihuishwa hupata miaka 10. Mtoto wa pili alisajili Pishi mwaka 2004 kwa jina lake mwenyewe, akidhani ni jambo la karatasi tu, wakati mashine na kiwanja viko kwa jina la Mzee. Inafika 2011, yuko Dar, hajahuisha. Kaka mkubwa, aliyebaki Kibaigwa na mashine, anaambiwa na karani rafiki yake kwamba muda umekwisha. Kuna utaratibu wa kurejesha alama iliyoachwa, na mahakama huangalia pia nani amelitumia jina na tangu lini, kwa hiyo vipindi vya tisa na kumi mpelekee wakili anayeshughulika na alama za biashara asome kabla hujapiga picha. Mwulize hasa hili: je, kaka akiandika “Pishi ya Ndahani” kwenye dumu lake, ndugu yake anaweza kumzuia? Jibu lake ndilo litakalokuambia lebo ya 2012 ina maneno gani, na ukurasa huo wa daftari uuache na nafasi hadi utakapolipata.